Micheri 31 na AIC ya hasi 62.7

Mpwa wangu anasomea misitu. Jana usiku alinitumia picha ya kioo cha kompyuta yake na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Nimepata modeli bora, AIC yake ni -62.7. Zile nyingine zote zimezidi 150." AIC ni alama ya kulinganisha modeli, na iliyo ndogo ndiyo bora. Leo nimekaa na hesabu hizo muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu chaguo lake ni zuri lakini sababu aliyoitoa haisimami.

Data ni ile ya `trees`, inayokuja ndani ya R, programu ya takwimu: micheri myeusi 31 iliyokatwa Pennsylvania, kila mmoja na kipenyo chake kwa inchi (safu imeandikwa `Girth`, ila ni kipenyo), urefu kwa futi, na ujazo wa mbao kwa futi za ujazo. Modeli zake tatu ni hizi:

```r
m1 <- lm(Volume ~ Girth + Height, data = trees)
m2 <- lm(Volume ~ Girth + I(Girth^2) + Height, data = trees)
m3 <- lm(log(Volume) ~ log(Girth) + log(Height), data = trees)
AIC(m1, m2, m3)
```

Majibu: 176.9, kisha 153.5, kisha -62.7. R haitoi onyo lolote, maana idadi ya miti ni ileile kote. Lakini m1 na m2 zinakadiria ujazo, na m3 inakadiria logarithimu ya ujazo. AIC hutazama jinsi modeli inavyozipa uwezekano data zilizoonekana, kisha inatoza adhabu kwa kila parameta. Uwezekano huo hupimwa kwa kila uniti ya kile kinachokadiriwa, hivyo ukibadilisha uniti, namba nayo inahama. Nilimwambia ajaribu kugeuza futi za ujazo kuwa mita za ujazo na kuirudia m1. AIC inashuka kutoka 176.9 hadi kama -44, na modeli haijaboreka hata chembe.

Dawa yake ni fupi. AIC ya modeli ya logarithimu inarekebishwa kwa kuongeza mara mbili ya jumla ya logarithimu za ujazo:

```r
AIC(m3) + 2 * sum(log(trees$Volume))
```

Nyongeza ni 202.9, kwa hiyo m3 inasimama kwenye 140.2. Bado inashinda, lakini inaizidi m2 kwa 13 tu, si kwa zaidi ya 200. Kwa AIC, tofauti ya 13 ni kubwa kweli.

Hapo ndipo napenda kusikia shahidi wa pili asiyejua habari za uniti: weka miti kando, kadiria modeli bila hiyo, kisha itabirie ujazo wake kwa futi za ujazo. Mpwa wangu alikuwa ametenga miti 10 kwa bahati nasibu. Kwa miti 31, sikubali. Mti wa mwisho ndio mnene kuliko yote, inchi 20.6, na ujazo wake ni 77. Ukiuacha nje, m1 inautabiria kama 66. Kosa la 11 likipigwa kipeo cha pili ni 121, wakati wastani wa kawaida wa m1 ni kama 15. Mti mmoja unalemea kama minane. Basi m1 itaonekana nzuri au mbovu kutegemea mti huo umeangukia upande gani wa mgawo. Afadhali kutoa mti mmoja mmoja, zamu kwa zamu, hadi yote 31 ipite.

m3 nayo, bila kuuona mti huo, inautabiria kama 78. Kwenye ncha ya pili, mti wa kwanza una ujazo wa 10.3. Hata ukiwa ndani ya data, m1 inaupa 4.8, na m3 inaupa 10.1. Kupungukiwa kwenye ncha zote mbili ni dalili ya mkunjo ambao mstari ulionyooka hauwezi kuufuata. (Kurudisha logarithimu kwa `exp` hukupa kadirio la kati, si wastani, lakini hapa tofauti ni theluthi moja tu ya asilimia. Nimeiacha.)

Iliyobaki ni m2, ambayo nayo inazipata ncha zote mbili vizuri: 11.0 na 77.4 ikiwa imekadiriwa kwa miti yote. Nikaziangalia parameta. Kwenye m3, kipenyo kina kipeo cha 1.98 na urefu 1.12, karibu kabisa na jiometri ya umbo la pia: kipenyo mara kipenyo mara urefu. Kwenye m2, kipenyo chenyewe kina alama ya kutoa, -2.89, na kipeo chake cha pili 0.27. Maana yake, chini ya inchi 5.4 hivi, mti ukizidi kuwa mwembamba m2 inauongezea mbao. Data inaanzia inchi 8.3, kwa hiyo si AIC wala kutenga miti kando kungeweza kuligundua hilo. Nimemwandikia abaki na m3, aripoti 140.2, na aniambie miche atakayoipima shambani ina unene gani.