Karatasi ya Walid bin Uqba: mradi wangu wa isnadi umefika wapi

Kwa wanaofuatilia: bado nachora isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana hadithi, kwenye karatasi za manila. Hadithi moja, karatasi moja. Jina la swahaba naliweka juu, wanafunzi wake chini yake, na kushuka hivyo hadi kwa aliyeandika kitabu. Pembeni ya kila jina naandika wakosoaji walimsemaje: mwaminifu, mkweli mwenye makosa, dhaifu, au majhuli, yaani asiyejulikana. Karatasi zimejaa ukuta wa chumba changu Magomeni, na joto hili la Dar likishalegeza gundi huwa nazikuta sakafuni asubuhi.

Jamaa yangu mmoja, Mshia tunayefanya naye kazi mtaa wa Indira Gandhi, alipita kuchukua chaja akasimama kuzitazama. Akaona kila jina lina daraja isipokuwa la juu kabisa. "Bwana, huyu wa juu mbona hamumpimi? Au yeye hakuwa mtu?"

Swali halali, nikaona nilijibu kwa karatasi badala ya mdomo. Nikamwambia achague swahaba mgumu kuliko wote anaowajua. Hakufikiri hata kidogo: Walid bin Uqba. Karatasi hii ndiyo imekula muda wangu wote tangu mwisho wa Ramadhani.

Kanuni yenyewe kwanza

Nimeanza kwa Khatib Baghdadi (alifariki 463 H, yaani 1071), kwa sababu kitabu chake cha Kifaya kina mlango mzima juu ya jambo hili. Anasema isnadi haifanyiwi kazi mpaka uadilifu wa kila mpokezi uthibiti, isipokuwa swahaba, maana huyo ameshafanyiwa uadilifu na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Anapanga aya: Al-Baqara 143, Aal Imran 110, At-Tawba 100, Al-Fat-h 18. Kisha anaongeza hoja ambayo mimi naiona ina uzito wa peke yake. Anasema hata kama aya hizo zisingeshuka, hali yao ingetosha: walihama makwao, wakatoa mali zao, wakapigana hata na baba na watoto wao kwa ajili ya dini. Ibn Salah (alifariki 643 H) akaja kuifupisha: hakuna swahaba anayeulizwa habari ya uadilifu wake.

Faida ya kanuni hii unaiona pale isnadi inaposema tu "kutoka kwa mtu katika maswahaba wa Mtume". Kwa mpokezi mwingine yeyote hilo lingeua hadithi papo hapo. Kwa swahaba, wanazuoni wengi wa hadithi wanaipokea, ingawa wapo walioshurutisha kwamba yule tabiina, mwanafunzi wa swahaba, aseme wazi kuwa amemsikia.

Kuna upande wake mkali pia. Abu Zur'a Razi (alifariki 264 H) alisema ukimwona mtu anamdunisha yeyote katika maswahaba, jua ni zindiki, kwa kuwa Qur'ani na Sunna zimetufikia kupitia kwao, na mwenye kuwatia dosari mashahidi anataka kuibatilisha kesi. Binafsi naona maneno haya yanaeleza vizuri walichokuwa wanaogopa kukipoteza. Lakini ukimwambia hivyo mtu anayeuliza kwa nia njema, hujamjibu kitu.

Faili la Walid

Walid ni ndugu wa Uthman bin Affan kwa mama; mama yao ni Arwa bint Kurayz. Alisilimu siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 H. Yanayomkabili ni mambo mawili mazito.

La kwanza ni aya ya 6 ya Al-Hujurat: akikujieni fasiki na habari, ichunguzeni. Inasimuliwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma Walid kwa kabila la Banu Mustaliq kukusanya zaka, akaogopa njiani, akarudi na kudai wamekataa kutoa na walitaka kumuua. Walikuwa hawajakataa chochote. Hapo ndipo aya ikashuka. Katika Musnad ya Ahmad kisa hiki kinatoka kwa Harith bin Dirar, na njia yake inapita kwa mtu aitwaye Dinar, ambaye tunamjua kupitia mwanawe Isa tu. Kwenye karatasi nimemtia kalamu nyekundu. Ila kisa kina njia nyingine zinazokisaidia, na wafasiri wamekipokea kizazi kwa kizazi.

La pili halina kalamu nyekundu popote, maana limo ndani ya Sahih Muslim, katika mlango wa adhabu. Walid akiwa gavana wa mji wa Kufa aliletwa mbele ya Uthman kwa kosa la ulevi. Shahidi mmoja, Humran, alisema amemwona akinywa. Wa pili alisema amemwona akitapika. Uthman akakata shauri: asingeitapika kama hakuinywa. Akamwambia Ali ampige viboko, Ali akamwambia Hasan, na Hasan akajibu kwa methali ya Kiarabu: aliyefaidi ubaridi wake ndiye abebe na joto lake. Mwisho Abdullah bin Jaafar akashika kiboko, Ali akahesabu mpaka arobaini akasema basi.

Nimelinakili lote kwa sababu moja. Muslim ni katika watu wanaosema maswahaba wote ni waadilifu, na ndiye aliyeiweka habari hii ndani ya Sahihi yake. Hakuifunika. Maana yake uadilifu waliokuwa wakiutetea haukuwa umaasumu. Sakhawi (alifariki 902 H) ameliweka wazi: makusudio si kwamba hawawezi kuasi, bali ni kwamba riwaya zao zinapokewa bila kuwafanyia upekuzi. Wanachokikataa ni swahaba kumsingizia Mtume kwa makusudi. Kunywa pombe ni jambo jingine, lina adhabu yake na lina toba yake.

Na hadithi yake je?

Hapa ndipo kazi ilipoanza kunoga. Nilitaka kujua Walid mwenyewe amepokea nini, maana mjadala wa uaminifu wa mpokezi asiye na riwaya ni maneno matupu. Kinachojulikana kwake ni hadithi moja, iko kwa Abu Daud katika mlango wa manukato ya wanaume, na kwa Ahmad pia. Walid anasema: Mtume alipoifungua Makka, watu walimletea watoto wao, akawa anawaombea baraka na kuwapangusa vichwa. Nami nikaletwa nikiwa nimepakwa khaluqi, basi hakunigusa kwa sababu ya ile khaluqi. (Ni manukato ya rangi yenye zafarani, wanawake wa pwani hawahitaji kuelezwa inavyong'ang'ania mwilini.)

Isnadi nimeichora hivi: Walid, chini yake Abdullah Hamdani, chini yake Thabit bin Hajjaj, kisha Jaafar bin Burqan, na kutoka hapo inagawanyika kwenda kwa walimu wa Abu Daud na Ahmad.

Sasa fuata alichofanya Ibn Abdil-Barr wa Andalusia (naye alifariki 463 H) katika kitabu chake cha wasifu wa maswahaba. Anaikataa hadithi. Lakini hasemi "Walid ni mlevi, hatumpokei". Kidole anamnyooshea Hamdani: huyo ni majhuli, na hadithi ni munkari, yaani ya kukataliwa, tena imevurugika. Kisha anapiga hesabu ya umri. Baada ya mkataba wa Hudaybiya wa mwaka wa 6 H, Ummu Kulthum bint Uqba alitoroka Makka kwenda Madina, na walioondoka kumfuata ili wamrudishe ni kaka zake wawili, Umara na Walid. Mtu aliyesafiri kumdai dada yake atakuwaje mtoto wa kupanguswa kichwa miaka miwili baadaye? Na mtoto huyo atatumwaje kukusanya zaka ya kabila zima muda mfupi baada ya hapo?

Kwa hiyo hadithi imeanguka, na safu ya juu haijaguswa. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa jamaa yangu: kutompima swahaba hakukuwa na maana ya kupokea kila kinachosemwa kwa jina lake. Nami naongeza langu: hata kama hadithi ingekuwa sahihi, haina hata chembe ya kumsifu Walid. Anayetunga hadithi kwa faida yake hajitungii kwamba Mtume alikataa kumgusa.

Mtetezi aliyetaka kuilinda

Kuna jambo sikulitarajia. Mwandalusia mwingine, Kadhi Abu Bakr Ibn Arabi (alifariki 543 H), katika utetezi wake wa maswahaba aliichukua hadithi hiihii ya khaluqi akaifanya ngao. Kama Walid alikuwa mtoto siku ya ufunguzi, anasema, basi kile kisa cha Banu Mustaliq hakiwezi kumhusu yeye. Mantiki ileile ya Ibn Abdil-Barr, imegeuzwa nje ndani.

Na Ibn Abdil-Barr, ambaye naye anasema maswahaba wote ni waadilifu, anaandika kwamba kwa anavyojua yeye hakuna hitilafu kati ya wajuzi wa tafsiri kuwa aya ya fasiki ilimshukia Walid. Kati ya hawa wawili mimi nipo na huyu. Ibn Arabi alitaka kuusafisha wasifu wa mtu, akalazimika kuegemea riwaya ya majhuli. Mkosoaji aliacha wasifu ubaki na madoa yake na akashikilia vipimo vyake.

Nilimpelekea shehe wetu picha ya karatasi baada ya darasa. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, hapo umejibu habari ya Walid. Hujajibu habari ya kanuni." Kweli. Jamaa yangu naye alilisema kwa namna yake: riwaya moja dhaifu haithibitishi kwamba wote ni waadilifu, inathibitisha tu kwamba kwa Walid kanuni haikuleta hasara.

Karatasi inayofuata: Busr bin Abi Artat

Huyu nimemchagua kwa sababu kwake kanuni inabanwa kwelikweli. Busr alikuwa jemadari wa Muawiya, na habari za aliyoyafanya Hijazi na Yemen zinatisha. Na tofauti na Walid, ana hadithi yenye hukumu ndani yake, iko kwa Abu Daud: mikono haikatwi safarini.

Yahya bin Main, mkosoaji asiyeogopa mtu, alisema Busr alikuwa mtu mbaya. Ukisoma zaidi unakuta anasema pia kwamba watu wa Madina wanakanusha Busr kumsikia Mtume. Yaani hakuitoboa kanuni. Alimtoa Busr nje ya mlango wake. Daraqutni akaenda njia nyingine: anao uswahaba, lakini hakuwa na msimamo baada ya Mtume. Ndiyo maana nusu ya ugomvi huu iko kwenye swali la nani aitwe swahaba. Ibn Hajar anamhesabu kila aliyekutana na Mtume akiwa amemwamini na akafa katika Uislamu, hata kama ni kwa muda mfupi. Mazari (alifariki 536 H) aliona hapana, uadilifu ni wa walioambatana naye na kumnusuru, si wa kila aliyemwona siku moja akaenda zake, na waliokuja baadaye wakamkatalia.

Manila nimeshanunua Kariakoo. Juu nimeandika jina la Busr, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu, pembeni ya jina la juu nimeweka maneno ya watu wawili yanayogongana. Njia za hadithi ya mikono nitazichora wiki ijayo, nikianzia kwa Junada bin Abi Umayya aliyeipokea kwake.