Nilivyomwandikia meneja wangu barua pepe kuhusu sonona bila kuitaja

Rasimu ya kwanza niliiandika saa nane usiku, na nashukuru sikuituma. Ilikuwa na kila kitu: jina la ugonjwa, dawa ninazomeza, lini ulinianza, hata siku niliyojifungia chooni ofisini nikilia. Mwisho niliomba "kupunguziwa mzigo kidogo" na kuahidi kwamba sitawasumbua wenzangu.

Asubuhi niliisoma upya nikijiuliza: meneja akiibonyeza kwa bahati mbaya ikaenda kwa timu nzima, itakuwaje? Nikaona aibu. Halafu nikaona kasoro kubwa zaidi. Pamoja na maneno yote yale, meneja asingejua afanye nini. Mzigo upi upunguzwe, kwa kiasi gani, mpaka lini? Siri zangu zote nilikuwa nimezimwaga, lakini ombi lenyewe halikuonekana.

Basi nikachukua karatasi, nikaandika kazini nakwama wapi hasa. Dawa ninayomeza usiku iliniacha na usingizi mzito mpaka saa 3 asubuhi, wakati kazi inaanza saa 2. Maagizo ya mdomo kwenye vikao yalinipotea kabla sijafika mezani kwangu. Umakini ni kati ya vitu ambavyo sonona huvinyang'anya mapema, ingawa watu hudhani ni huzuni tu. Na kila Jumatano nilikuwa na miadi na mtaalamu, inayochukua muda wa saa moja. Kwa kila tatizo nikatafuta ombi moja ambalo mtu anaweza kulijibu ndiyo au hapana. Kila sentensi nikaipima hivi: bila hii, meneja atashindwa kuamua? Kama hatashindwa, nikaifuta. Jina la ugonjwa likaondoka. Dawa nayo ikaondoka, kwa sababu mtu akijua unameza dawa gani, ugonjwa ataukisia mwenyewe.

Kichwa cha barua nikaandika "Ombi la mabadiliko ya muda katika utaratibu wa kazi", maana kichwa huonekana kwenye skrini hata na anayepita nyuma ya kiti. Barua yenyewe ikabaki hivi:

"Habari za kazi. Nina tatizo la kiafya ambalo natibiwa na daktari. Kwa sasa linaathiri utendaji wangu saa za mwanzo za asubuhi na uwezo wa kukumbuka maagizo ya mdomo. Ili kazi isiyumbe, naomba kwa wiki 8: kuanza kazi saa 3:30 na kutoka saa 11:30 badala ya saa 2 hadi saa 10; kupewa maagizo ya kazi mpya kwa maandishi; na Jumatano kutoka saa 8 hadi saa 9:30 kwa ajili ya matibabu, muda ambao nitaufidia Alhamisi. Barua ya daktari naweza kuiwasilisha ofisi ya utumishi. Naomba tupate dakika 15 wiki hii tuzungumze, na tukutane tena baada ya wiki 4 kuona kama utaratibu unafaa. Naomba habari hii ibaki kati yetu na ofisi hiyo. Asante."

Aliniita siku hiyohiyo. Swali lake la kwanza ndilo nililoliogopa: "Pole sana. Kwani unaumwa nini?" Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa sauti nyumbani, vinginevyo ningemwaga yote: "Asante bosi. Niko chini ya daktari, ila undani wake ningependa ubaki huko. Ninachohitaji kazini ni hayo matatu." Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Hakuwa na nia mbaya. Wengi huuliza kwa utu tu.

Saa na Jumatano alikubali. Maagizo ya maandishi aligoma, akasema hana muda wa kuandika. Tukakubaliana kwamba baada ya kikao nitamtumia mimi muhtasari wa mistari mitatu, naye ajibu "sawa" au arekebishe. Kusema kweli, hilo lilifanya kazi kuliko nilichoomba.

Nilipokwama ni kwenye barua ya daktari. Ya kwanza ilitaja ugonjwa waziwazi. Nikarudi, nikamwomba aandike tu kwamba ananitibu, ni shughuli zipi za kazi zimeathirika, ni mabadiliko gani anashauri, na kwa muda gani. Aliandika bila kinyongo. Hata hivyo alinitahadharisha kwamba nikihitaji likizo ndefu, au nikidai haki za kisheria, ofisi ya utumishi inaweza kutaka maelezo zaidi, kwa kuwa taratibu hutofautiana. Hapo ndipo ningefungua mlango mwingine, kwa mtu mmoja tu, na kwa maandishi.

Wiki ya 4 dozi ilikuwa imebadilishwa na usingizi wa asubuhi umepungua. Nikaomba kurudi kuanza saa 2:30. Muhtasari wa mistari mitatu bado naandika.