Niliripoti mifuko ya saruji bila kumwita mtu mwizi

Nilipogundua kuna jambo katika ujenzi wa madarasa shuleni kwetu, ushauri nilioupata mwingi ulikuwa wa hatari. Mmoja alisema niandike kwamba mkuu wa shule na mzabuni wamekula fedha, "maana kila mtu anajua." Mwingine alitaka niingie ofisini usiku nipige picha mafaili. Niliwakatalia wote wawili, na bado nawashangaa.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kusimamia mafundi yenyewe kupitia kamati. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi, ile inayohesabu kinacholetwa na kutia saini. Jumatatu nililetewa hati ya kupokelea mzigo, imeandikwa mifuko 200 ya saruji, tarehe 14 Machi 2024. Wajumbe wengine walikwisha saini. Mimi sikusaini, kwa sababu Alhamisi ile jioni nilikuwa nimeingia stoo na kuhesabu.

Saruji haihesabiwi mfuko mmoja mmoja. Ilipangwa mistari miwili, kila mstari marundo kumi, kila rundo mifuko saba kwenda juu. Hiyo ni 140. Nilizunguka nyuma kuhakikisha katikati hakuna uwazi, maana rundo lenye tundu ndani hukudanganya. Ijumaa asubuhi, kabla mafundi hawajachukua hata mmoja, nilihesabu tena, na idadi ikawa ileile. Mara zote mbili niliandika saa kwenye daftari langu papo hapo.

Tofauti ni mifuko 60, kama shilingi milioni moja hivi. Lakini thamani sikuiweka kwenye taarifa, kwa kuwa ankara sikuwahi kuiona.

Kazi kubwa ilikuwa kutenganisha nilichokiona na nilichosikia. Mlinzi aliniambia lori liliondoka bado lina mzigo. Mwenzangu alitaka niandike, "Lori liliondoka na saruji ya shule." Mimi nilifika lori limeshaondoka! Kwa hiyo niliandika hivi:

"Tarehe 14 Machi 2024, saa 11 jioni, niliingia stoo ya shule na kuhesabu mifuko 140 ya saruji. Tarehe 15 Machi, saa 1 asubuhi, nilihesabu tena, ikawa 140. Tarehe 18 Machi nililetewa hati yenye mifuko 200 ili nisaini, sikusaini. Sikuona lori likishusha. Mlinzi wa zamu aliniambia kuwa liliondoka likiwa na mzigo; ni mzigo gani, sijui. Sikuingia kwenye chumba cha maabara, ambacho nacho huhifadhi vifaa."

Nikaongeza namba ya hati, cheo cha aliyeniletea, na kwamba leja ya stoo na hati zote zinatunzwa ofisi ya uhasibu. Basi. Neno "wizi" halimo, wala "ufisadi", wala sababu iliyomfanya mtu afanye hivi au vile.

Ile sentensi ya maabara ndiyo iliyotugombanisha. "Mwalimu, unamtetea huyo!" mwenzangu alinifokea. Nilimjibu kwamba ikiwa mifuko 60 ipo maabara, basi hakuna kosa, na ikiwa haipo, anayechunguza ataanzia hapo. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipoipeleka taarifa TAKUKURU, afisa aliisoma, akaniuliza kwanza ufunguo wa maabara hukaa kwa nani. Swali la pili lilihusu mlinzi: zamu yake ilianza saa ngapi. Hakupoteza muda kuniuliza namchukia nani.

Kabla yangu kulikuwa na barua isiyo na jina, iliyosema mkuu "ameiba simenti yote." Simenti yote haikuwa imeibwa, madarasa yalikuwa yanapanda na kila mtu aliyaona. Barua ile haikutaja tarehe, stoo wala hati, kwa hiyo hapakuwa na pa kuanzia. Kibaya zaidi, ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu, na yeyote aliyetaka kurekebisha leja alipewa muda wa kutosha.

Mimi nilitumia jina langu. Sheria ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu za msingi za kuamini anachosema. Ukitunga, au ukijaza usichokiona, unaivua kinga hiyo mwenyewe. Pia sikumwonyesha mtu nakala, hata yule mwenzangu niliyebishana naye. Aliisikia rasimu tu. Kama hujui pa kuanzia, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Maafisa walikuja wakachukua leja na hati za mapokezi, wakafunguliwa maabara. Walichokikuta humo wanakijua wao, na mimi sijakisema popote kwa sababu sikuwamo.