Nilivyogawa mkasi na uzi badala ya televisheni

Mwaka jana kijana mmoja anayefanya kazi ya matangazo aliniambia, "Dada, ukitaka wateja weka zawadi kubwa, watu watajaa wenyewe." Nauza vifaa vya ushonaji hapa Mwanza: uzi, zipu, bitana, vifungo, sindano, mikasi. Nikamsikiliza. Nikanunua televisheni ya inchi 32 kwa laki tatu na ushee, nikaiweka Instagram na masharti aliyonipa: fuata ukurasa, tagi marafiki watano, sambaza tangazo.

Kweli walijaa. Maoni yalipita elfu mbili ndani ya wiki. Nilikuwa nalala na simu mkononi nikihesabu wafuasi. Siku ya kutaja mshindi alipatikana mtu wa mkoa mwingine kabisa, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Hamwezi kunipa hela badala yake?" Kesho yake wafuasi wakaanza kuondoka kwa mamia. Waliobaki wakawa wananitukana kwamba nimempa ndugu yangu. Miezi miwili baadaye nilipekua daftari la mauzo kutafuta hata mteja mmoja aliyekuja dukani kwa sababu ya ile televisheni, sikumpata. Hilo ndilo linaloniuma: kila mtu anataka televisheni, kwa hiyo televisheni haikuchagulii mtu.

Ushauri uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Jirani yangu wa dukani alisema nirudishe hasara kwa kuuza kuponi za 2,000, kisha nichezeshe droo. Nilishaongea hadi na mchapaji wa kuponi. Aliyeniokoa ni mdogo wangu, aliyeniuliza kama nina kibali. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alijue: mtu akitoa hela, mshindi akapatikana kwa bahati, na kukawa na zawadi, hiyo ni bahati nasibu, hata ukiiita "ofa ya wateja". Hapa Tanzania michezo hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuiendesha bila leseni ni kosa. Usidhani "nunua bidhaa ndipo uingie kwenye droo" inakuokoa, kwa sababu hiyo hela ya kununua nayo ni hela. Droo za promosheni za kampuni kubwa unazoziona kwenye taarifa ya habari, yule ofisa wa Bodi anayesimama pembeni hayupo pale kwa kupiga picha. Kama moyo wako uko kwenye droo, wapigie Bodi uwaeleze mpango wako kabla hujatangaza chochote.

Mimi niliamua kuiondoa bahati kabisa. Nikafanya shindano la ufundi, kuingia bure, kununua si sharti.

Zawadi ikawa mkasi mzuri wa inchi 10 wa kukatia kitambaa, boksi la uzi wa rangi mchanganyiko na pakiti za sindano. Jumla haikufika laki moja na nusu. Asiyeshona haitamani zawadi hiyo, na akijaribu kuiuza atahangaika nayo.

Sharti lenyewe ndilo ninalojivunia. Sikuomba picha ya gauni zuri, maana picha ya gauni zuri mtu anaiokota popote. Niliomba picha ya *upande wa ndani* wa nguo aliyoshona mwenyewe, karibu na mshono wa bega au kiuno, na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa pini kimeandikwa tarehe na jina la duka langu. Wawinda zawadi walikatikia hapo. Fundi wa kweli anajua kwamba ndani ndiko kunakosema ukweli: kama ovaloki, ule mshono wa mashine unaozuia ukingo wa kitambaa usichomoke nyuzi, imepita sawasawa, kama bitana imelala, kama nyuzi zimekatwa au zinaning'inia. Picha moja sitaisahau. Ilikuwa kiuno cha sketi ya kitenge, na yule dada alikuwa amekunja kila ukingo wa mshono kwa ndani akaushona kwa mkono, kwa sababu hana ovaloki. Nilivuta picha ile kwa vidole mpaka nikaona tundu za sindano zimepangana kama zimepimwa kwa rula.

Pamoja na picha nikauliza swali moja: gauni la satini linavutika na kujikunja kwenye mshono, unaanza kurekebisha nini? Wasioshona walijibu "ningelipiga pasi". Mafundi walisema badilisha sindano, weka mpya nyembamba, namba 9 au 11 badala ya 14, kisha legeza uzi wa juu. Majibu yale yaliniambia pia nani anashona vitambaa laini na nani yuko kwenye sare za shule, na nikaagiza mzigo kufuatana na hayo.

Alama nilizitangaza mapema: unadhifu wa ndani 60, jibu 40. Majaji watatu, mmoja wao mwalimu wa ushonaji, walipewa picha zenye namba tu, majina nikabaki nayo mimi. Kuna walioniambia nihesabu "likes". Nilikataa, kwa sababu hapo anashinda mwenye magrupu mengi ya WhatsApp ya kuombea kura, na ufundi unawekwa kando. Wawili walipofungana, mume wangu akasema turushe sarafu. Nikamwambia tukirusha sarafu bahati imerudi mlangoni. Tuliwapa swali la pili, picha ya zipu ya kujificha, na hapo mmoja akampita mwenzake waziwazi.

Kwenye tangazo niliandika tarehe ya kufunga, nani anaruhusiwa, zawadi haibadilishwi kwa fedha, na kwamba Instagram hawadhamini, hawaidhinishi wala hawaendeshi shindano hili, na mshiriki hatawadai chochote. Hilo la mwisho wanalitaka wenyewe. Facebook nao wanakataza kumlazimisha mtu asambaze kwenye ukurasa wake au atagi marafiki ili ashiriki, kwa hiyo yale masharti ya televisheni, kule Facebook yangekuwa kosa moja kwa moja.

Namba za simu nilichukua kwa adabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kumwandikia mtu bei zako kila asubuhi kwa sababu tu aliingia shindano si haki. Niliuliza swali la pekee: ungependa nikutumie orodha ya bei? Aliyesema hapana, namba yake niliifuta baada ya kutaja mshindi.

Kitu kimoja sikukikinga vizuri. Siku ileile ya kutaja mshindi mtu alifungua ukurasa wenye picha yangu, akawaandikia washiriki, "Umeshinda, tuma 10,000 ya kusafirisha mzigo." Dada mmoja wa Sengerema alituma. Nilimrudishia kwa uzi wa thamani hiyohiyo ingawa si mimi niliyemla. Sasa kila picha ya tangazo ina maandishi makubwa kwamba hatuombi hela na mshindi anapigiwa kwa namba ya dukani tu.

Walioingia walikuwa 63. Arobaini na moja walikubali kutumiwa bei, na ndani ya miezi miwili 26 walishanunua. Yule dada wa sketi ya kitenge alikuwa wa pili, hakupata mkasi. Alikuja wiki iliyofuata na wenzake wawili wa kibanda chao kuulizia bitana, na hadi leo kila Jumatatu huchukua dazeni mbili za uzi mweusi.