Mshahara wa Mei Ulipoingia Septemba

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya ujenzi hapa Jinja, Uganda. Tuliishi Walukuba, mimi, mke wangu na watoto wawili, katika chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Mshahara wa Mei haukuingia. Ulipofika mwisho wa Juni bila chochote, nikamfuata mhasibu wa kampuni. Wengine walikuwa wanamuuliza "lini?", naye anawajibu "wiki ijayo". Mimi nilimuuliza pesa inasubiri nini.

Akanieleza. Kampuni ilikuwa inajenga barabara, na kazi ikifika hatua fulani mhandisi msimamizi hupima, husaini cheti cha malipo, kisha mwenye mradi hulipa. Cheti kilikuwa bado hakijasainiwa. Kikisainiwa, fedha bado zingepita ofisi kadhaa kabla hazijafika kwetu. Nikajua hapo kwamba ni suala la miezi, na kwamba tarehe yoyote nitakayomwahidi mtu itakuwa ya kubuni.

Usiku ule mimi na mama watoto tulikaa na daftari. Mkononi tulikuwa na kama laki tatu za akiba, na yeye alikuwa na biashara ya mukene, yaani dagaa wa ziwani: ananunua mwaloni Masese, anauza sokoni. Wazo langu la kwanza lilikuwa tulipe kodi yote, maana ndiyo kubwa na ndiyo inayotisha. Yeye akakataa. Akasema kwanza laki mbili za mtaji wake hazigusiki, kwa kodi wala kwa karo, kwa sababu tukizila leo, kesho hatutakuwa na mshahara wala mukene. Halafu akanikumbusha jambo ambalo mtu wa ofisini hulisahau: mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu samaki hupungua na bei ya mwaloni hupanda. Kila mwezi ana wiki moja hivi ambayo faida yake ni ndogo sana. Siku hizo ndizo zilizohitaji akiba.

Baada ya mtaji tukaweka dawa za presha za baba yangu. Hizo hazina mjadala, mgonjwa wa presha haachi dawa akisubiri cheti cha mhandisi.

Ya tatu ikawa deni dogo kuliko yote, na watu walishangaa tulipowaambia. Nilikuwa nimekopa laki moja kwenye simu, ya kurudisha 109,000 ndani ya siku 30. Zikipita hujalipa, unatozwa tena. Mwenye nyumba hakutozi riba, duka halikutozi riba, lakini simu inahesabu hata ukiwa umelala. Tukalilipa lote mara moja, na hatukukopa tena huko. Jirani alitaka kunipeleka kwa mkopeshaji mmoja anayeshika kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, kisha anatoza elfu ishirini kwa kila laki kila mwezi. Nilimshukuru, nikakataa. Mshahara ambao hujui utaingia lini hauwezi kubeba riba ya namna hiyo.

Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, haukopeshi, kwa hiyo haukuwa wa kupangwa bali wa kupunguzwa. Wakati ule uniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa shilingi 150 kila moja, na zaidi ya hapo bei ilipita mia saba. Ongeza ada ya huduma ya 3,360 na kodi, ilikuwa karibu elfu saba. Tukanunua hizo 15 tu kila mwezi. Pasi ikawa ya mkaa.

Dukani kwa Mama Zuhura tulikuwa na deni la unga, sukari na sabuni. Lilikuwa dogo kulinganisha na kodi, lakini duka lake ni sanduku moja la chumvi hapa na katoni moja ya sabuni pale. Akikosa elfu thelathini zetu hanunui bidhaa. Tukapatana kumpelekea chochote kila Jumamosi, hata elfu tano, na kununua vipya kwa pesa taslimu.

Ikabaki kodi. Hajati, mwenye nyumba, alikuwa na vyumba kadhaa, na kwa miaka yote tuliyokaa kwake hatukuwahi kuchelewa. Nilimwendea siku tatu kabla ya tarehe ya kulipa, maana ukienda baada ya tarehe unakwenda kama mdaiwa, na ukienda kabla unakwenda kama mpangaji. Nilivaa kanzu, nikaenda baada ya alasiri akiwa ametulia.

"Hajati, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu, wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Alhamdulillahi. Hajati, nimekuja na neno la kodi kabla siku haijafika." Nikamweleza habari ya cheti kama mhasibu alivyonieleza, na kwamba mshahara wa Mei wenyewe sijauona.

"Kwa hiyo lini?"

"Siku siijui, na sitaki kukutajia siku ya uongo. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba ndani ya siku tatu za pesa kuingia nitakuwa hapa. Na kila mwisho wa mwezi nitakuja nikueleze, hata kama sina kitu. Ila nikuulize, mama, pesa hii inakubana wewe siku gani?"

Alinitazama, kisha akasema ana mkopo wa benki wa vile vyumba vipya, na marejesho hukatwa tarehe 10. Kabla ya tarehe 10 kila shilingi ina kazi. Baada ya hapo, kodi inangoja. Nikamuuliza kama elfu hamsini kabla ya tarehe 10 zitamsaidia. Akasema zitamsaidia kuliko laki na nusu tarehe 20. Tukaandika kwenye daftari lake, kila upande ukatia saini: elfu hamsini kila mwezi kabla ya tarehe 10, zilizobaki zikingoja mshahara. Nilimpelekea mkononi, kwani mwezi Julai serikali ilikuwa imeanzisha ushuru wa asilimia 1 kwenye pesa za simu, na sikutaka hata shilingi ya Hajati ipungue njiani.

Swali hilo la siku gani pesa inambana mtu nilikwenda nalo shuleni pia. Mhasibu wa shule hakubanwa na mwanzo wa muhula bali na wiki ya mitihani, watoto wenye deni wanaporudishwa nyumbani. Tukapeleka nusu ya karo wiki mbili kabla ya mitihani, na barua fupi ya kueleza iliyobaki. Watoto walifanya mitihani yote.

Kwenye sako, chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nadaiwa mkopo, sikwenda ofisini kwanza, nilikwenda kwa wadhamini wangu wawili. Akiba zao ndizo zilizoshikiliwa kwa ajili yangu, na ilikuwa haki wasikie kwangu kabla ya kusikia kwa kamati. Mmoja alinuna. Mwingine akanisindikiza, na kamati ikakubali nilipe riba tu mpaka mshahara utoke.

Ulitoka katikati ya Septemba, wa miezi miwili tu kati ya minne. Hajati alipata kwanza, malimbikizo yote, siku ya pili yake. Kisha sako, kisha karo. Mama Zuhura hakuwa anadai tena. Miezi miwili iliyobaki tuliingoja hadi Desemba, na mtaji wa mukene ulikuwa bado ni laki mbili zilezile.