Kikapu Chini ya Kitanda

Mwezi Agosti 2019 nilikuwa katika mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya famasia, katika hospitali moja ya serikali mkoani Tanga. Wakati huo hospitali ilikuwa imeanza kutumia fomu ya kulinganisha dawa kwa wagonjwa wa miaka 65 na zaidi wanaolazwa kupitia mapokezi ya dharura. Fomu ilikuwa karatasi moja yenye jedwali. Kila dawa aliyokuwa akitumia mgonjwa kabla ya kulazwa ilipewa mstari wake, na katika mstari huo uliandika jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku, alimeza mara ya mwisho lini na nani amekupa taarifa hiyo. Safu ya mwisho ilikuwa ya daktari: iendelee, ibadilishwe, isimamishwe kwa muda au iachwe kabisa, pamoja na sababu. Sisi wafamasia wanafunzi tulipewa kazi ya kujaza safu zote isipokuwa hiyo ya mwisho, nasi tulitakiwa kuikamilisha ndani ya saa 24 tangu mgonjwa alazwe.

Bibi mmoja alifikishwa saa tatu usiku, akiwa na umri wa miaka 78, na binti yake ndiye aliyemleta. Alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka, jasho likimtoka na mikono ikimtetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno, milimoli 2.1 kwa lita. Alipochomwa dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa alizinduka, akauliza yuko wapi, na kipimo kilichofuata kikasoma 7.8. Aliwekewa dripu, akapelekwa wodi ya wanawake, na daktari wa zamu akaandika kwamba dawa za sukari zisimamishwe hadi hali itakapotulia, nyingine ziendelee kama kawaida.

Nilifika kitandani kwake yapata saa nne. Binti alinikabidhi kadi ya kliniki, nami niliishukuru sana kadi ile, kwa kuwa iliandikwa kwa mwandiko unaosomeka na tarehe ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliotangulia. Ilikuwa na dawa sita: glibenklamaidi miligramu 5 mara mbili kwa siku na metfomini 500 mara mbili, zote za sukari, losatani 50 na amlodipini 10 za presha, furosemaidi 40 ya kutoa maji mwilini, asubuhi, na aspirini 75. Niliziandika zote sita katika fomu. Kisha nikamuuliza binti, «Dada, hizi ndizo dawa zake zote?» Akajibu, «Ndiyo.» Katika safu ya mahali taarifa ilipotoka niliandika «kadi», na katika safu ya alimeza mara ya mwisho lini nikaweka mstari mfupi katika kila nafasi, kwa sababu bibi alikuwa amelala na sikutaka kumwamsha. Nilisaini, nikaipachika fomu nyuma ya faili, nikaondoka nikiamini kwamba kazi imekamilika.

Saa kumi alfajiri muuguzi alimkuta bibi amelowa jasho tena. Sukari ilikuwa 2.6.

Nilipoingia wodini saa moja asubuhi na kuambiwa hivyo, wazo la kwanza lilikuwa kwamba glibenklamaidi haitoki mwilini haraka. Hilo ni kweli. Dawa hiyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini iwe mgonjwa amekula au hajala, na kazi yake hudumu hata siku nzima. Tena mabaki yake yanayoendelea kushusha sukari hutolewa kwa njia ya figo, hivyo mzee ambaye figo zake zimechoka anaweza kuzinduka kwa dekstrosi kisha akazama tena saa kadhaa baadaye. Ndiyo sababu orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa watu waliovuka miaka 60. Kwa hiyo kushuka kwa mara ya pili kulikuwa na maelezo, na ningeweza kuridhika nayo, kama nisingemkuta binti akimwaga vidonge kwenye kifuniko cha chupa ya chai ili mama yake ameze kabla ya kunywa uji.

«Hizo ni zipi, dada?»

«Za asubuhi. Jana usiku nilimpa za jioni, maana alikuwa amechelewa kuzimeza.»

Nilimsihi azirudishe kwanza. Alivuta kutoka chini ya kitanda kikapu cha ukili kilichokuwa kimefunikwa kwa kanga. Kikapu hicho kilikuwepo pale tangu usiku, hatua moja kutoka mahali niliposimama nikinakili kadi.

Nilichukua fomu mpya. Ile ya kwanza sikuichana, kwa sababu taarifa iliyokwisha kutumiwa na daktari haipaswi kupotea. Niliipiga mstari mmoja wa kukata, nikaandika tarehe, saa na sababu, nikasaini pembeni. Kisha nikavuta kiti. Bibi alikuwa macho sasa. Nilimwamkia, naye akaitikia, «Marahaba, mjukuu wangu.» Safari hii sikumuuliza kama dawa ni hizi tu, kwa kuwa swali la namna hiyo humpa mtu jibu mkononi. Nilimwomba anisimulie siku yake: akiamka anaanza kumeza nini, baada ya chai anameza nini, mchana, magharibi, na wakati wa kulala. Kila alipotaja kitu, binti alikitafuta kikapuni na kukiweka juu ya shuka, nami nikasoma jina lililochapwa juu yake badala ya kutegemea rangi au umbo.

Dawa ya kwanza aliyoitaja ilikuwa ya sukari, «ile ya mwanangu wa Dar.» Ilikuwa kwenye boksi, jina lake Daonil. Ya pili nayo ilikuwa ya sukari, «ile ya kliniki,» ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu «glibenklamaidi 1×2». Daonil ni jina la kibiashara la glibenklamaidi, na kidonge chake nacho kina miligramu 5. Miaka mitatu nyuma daktari wa zahanati binafsi mjini Dar es Salaam alimwanzishia Daonil, na tangu hapo mwanawe alikuwa akiinunua na kuituma kwa basi kila mwezi. Aliporudi kuishi Tanga na kuandikishwa kliniki, aliandikiwa glibenklamaidi, na kwa kuwa jina, umbo na mahali zilipotoka vilikuwa tofauti, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na sababu ya kushuku. Kwa muda wa miezi mitano alikuwa akimeza miligramu 20 kwa siku, wakati mzee wa umri wake huanzishiwa 2.5. Usiku ule, saa tano, mkononi mwake ndani ya wodi yetu, alimeza kumi nyingine.

Nilisimama kidogo kuandika mstari huo. Safu niliyoijaza vistari usiku ndiyo iliyokuwa na jibu. Kama ningeuliza alimeza mara ya mwisho lini na atameza tena lini, binti angeniambia kwamba vidonge vya jioni bado, nami ningevichukua.

Tuliendelea. Kutoka chini ya kikapu zilitoka karatasi mbili za diklofenaki ya miligramu 50, zilizonunuliwa duka la dawa muhimu karibu na nyumbani kwa ajili ya magoti. Bibi hakuzihesabu kuwa dawa. Aliziita «za kupunguza maumivu tu,» na alikuwa akimeza mbili au tatu kwa siku tangu mvua za masika. Hapo nilianza kuelewa ni kwa nini glibenklamaidi aliyoivumilia kwa miezi ilikuwa imemwangusha sasa. Diklofenaki hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, losatani hulegeza ile inayoitoa, na furosemaidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu kwa mzee, figo hukosa msukumo wa kuchuja. Majibu ya maabara yaliyotoka saa nne asubuhi yalionyesha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ya 212, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida. Palikuwa pia na chupa ndogo ya dawa ya miti shamba ya tumbo isiyo na maandishi. Niliiandika kama nilivyoiona, bila kukisia iliyomo.

Kilichonishangaza zaidi ni dawa zilizokuwa kwenye kadi lakini hazikuwa mwilini. Amlodipini ilikuwa imekosekana kwenye dirisha la dawa la kliniki kwa wiki tatu, na hakuna aliyeinunua. Furosemaidi alikuwa nayo, boksi karibu zima, lakini alikuwa akiimeza siku moja moja. Alinieleza sababu kwa sauti ya chini: choo cha nyumbani kiko nje, upande wa pili wa uwanja, na kidonge kile kinamfanya atoke mara nyingi. Presha yake usiku, bila amlodipini, ilikuwa 118 kwa 66. Agizo la kwamba «nyingine ziendelee» lilimaanisha kwamba asubuhi ile muuguzi alikuwa akijiandaa kumpa amlodipini 10 na furosemaidi 40 kwa pamoja, mwanamke aliyekuwa na presha isiyohitaji kushushwa zaidi na figo zilizokauka.

Fomu ya pili ilikuwa na mistari tisa, na katika safu ya taarifa niliandika «kadi, mgonjwa, binti, vifungashio». Sikuipachika nyuma ya faili. Niliipeleka mkononi kwa daktari wa wodi, tukasimama naye kando ya kitanda na chati ya dawa imefunguliwa, kwa kuwa fomu isiyofikishwa kwenye chati haibadilishi kidonge hata kimoja. Yeye alijaza safu yake mstari kwa mstari. Glibenklamaidi na Daonil ziliachwa kabisa, diklofenaki vilevile, na parasetamo ikawekwa kwa ajili ya magoti. Metfomini, losatani na furosemaidi zilisimamishwa hadi figo zipimwe tena. Amlodipini haikuanzishwa, aliandika «subiri, pima presha kila saa sita». Chupa ya miti shamba iliachwa. Aspirini peke yake ndiyo iliyoendelea. Dripu ya dekstrosi iliongezewa muda na sukari ikapimwa kila saa moja hadi kesho yake. Haikushuka tena chini ya 4.

Kikapu tulikifungia kwenye kabati la muuguzi kiongozi, kwa ridhaa ya bibi, baada ya binti kuhesabu kila kitu mbele yetu.

Mchana nilimpigia simu mwanawe wa Dar. Nilikuwa nimeogopa mazungumzo hayo, kwa sababu mtu yule hakuwa amefanya lolote ila kumtunza mama yake kwa uaminifu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba mzigo wa mwezi huo ulikuwa tayari ndani ya basi tangu asubuhi. Binti alikwenda stendi jioni, akarudi na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi, akanipa bila kuifungua. Ndani yake mlikuwa na maboksi mawili ya Daonil, na boksi moja ambalo bibi alikuwa hajawahi kuliona, lililoandikwa meloksikamu; mwanawe huyo wa Dar alikuwa amesikia kwamba magoti yanamsumbua mama. Dawa hiyo ni ya familia moja na diklofenaki. Niliiandika katika mstari wa kumi, nikaweka saa, na kwenye safu ya alimeza mara ya mwisho lini nikaandika «bado hajameza».