Usiku wa tarehe 13 Februari

Juzi mwisho wa Agosti meseji ya gawio iliingia nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, simu iko mkononi kwa Neema, akasoma kwa sauti, Safaricom, 6,600 na kitu. Halafu akaniuliza, mama, kwani hizi pesa umezifanyia kazi gani? Nikamwambia koroga hivyo vitunguu visiungue, sikumjibu. Lakini swali limekaa nami wiki nzima, manake kazi niliyofanya naijua, na sehemu kubwa ilifanyika usiku mmoja.

Nilianza kununua Julai 2021. Bei ilikuwa imepita 40, kila mtu kwa stafu anaongea hisa, nikasema mimi nitakuwa naweka 5,000 kila mwezi mshahara ukiingia, sitaangalia bei. Wakati ule 5,000 ilinipa hisa 100 tu na chenji kidogo, na kwa soko letu ulikuwa huwezi kununua chini ya mia. Mwaka ukaisha kwa 38 hivi. Mwaka uliofuata ukaisha kwa 24. Mwezi wa uchaguzi 2022 niliacha kununua, nikasema acha vumbi litulie, na nikagundua kitu kimoja, kuacha ni rahisi lakini hakuna mtu anakupigia simu kukwambia sasa vumbi limetulia, rudi. Nilipoteza miezi mitatu hivyo, nikarudi tu kwa sababu nilichoka kujiuliza. Bei ikaendelea kushuka. Kufika mwisho wa 2023 ile 5,000 ilikuwa inanipa hisa 300 na zaidi, na wiki moja bei ilikaa 12 na kitu, nikaletewa karibu 400.

Sasa usiku wenyewe. Jumanne, tarehe 13 Februari 2024. Joto la Voi mnalijua, madirisha wazi, mbu, treni ya mizigo inapita na vikombe vinatetemeka kabatini. Baba Neema alikuwa amekaa upande ule wa meza, mimi upande huu, katikati kuna daftari na simu mbili. Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika, 100,000, na asubuhi yake mnada wa bondi ya miundombinu, ile serikali inakopa kwetu kwa riba, unafungwa. Ile ya Novemba ilikuwa imetoka kwa asilimia 17.93 bila kodi, na watu wote walikuwa wanasema hii itapita hapo. Na kiwango cha chini cha kuingia ni hiyohiyo 100,000, yaani nikiweka huku sina ya kuweka kule.

Nikajumlisha kwa daftari. Hisa 5,800. Nilizotoa, kama 140,000 ukihesabu na ya broka, ambaye anakata karibu shilingi mbili kwa kila mia. Soko leo, 13.50, zinakuja 78,300. Nikaandika tofauti chini na kuipigia mstari, 61,700, kisha kalamu nikaiweka chini na sikuongea.

Baba Neema akasema polepole, "Mama Neema, tuuze. Hiyo 78 tuongeze kwa hii laki, yote iende kwa serikali. Tunalala."

Hakuwa anasema upuzi, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Nikamwambia ngoja kwanza, nijibu swali moja. Hii bei inashuka kwa sababu kampuni inaharibika, ama kwa sababu wenye hisa wanakimbia? Manake hayo ni magonjwa mawili na dawa yake si moja.

Tukaanza kuyatenganisha hapohapo. Faida ilikuwa imeshuka kweli, kutoka kama bilioni 67 hadi 52 kwa mwaka mmoja, na sehemu kubwa ni Ethiopia, huko walikuwa wamewasha mitambo Oktoba 2022 na mtandao mpya unakula pesa kabla haujazaa. Hilo ni la kampuni, siwezi kulificha. Lakini gawio lilikuwa limetoka 1.39 likawa 1.20 tu, kumbe bei ilikuwa imekatwa zaidi ya theluthi mbili. Aliyenunua kwa 42 alikuwa anapata shilingi 3 hivi kwa kila mia kwa mwaka, anayenunua kwa 13.50 anapata karibu 9. Hapo kati kuna kitu kingine kimeingia, na nilikiona kwa bei ya dola. Mwisho wa 2021 dola ilikuwa 113, Januari 2024 ikagusa 160. Mzungu aliyeshika hisa zetu alikuwa anapigwa mara mbili, bei inashuka halafu na shilingi yenyewe inashuka, kwa hivyo anauza kwa bei yoyote aondoke. Na sisi wenyeji tulikuwa tunavutwa na serikali, bili zake za siku 91 zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 16, nani atanunua hisa?

Nikamwonyesha Baba Neema hapo kwa daftari, unaona, hii riba inayokuvutia wewe ndiyo hiyohiyo inayokandamiza zile hisa unazotaka niuze. Siku riba itashuka, hisa zitapumua. Tukiuza leo tunauza kwa wakati ambao bondi ni tamu, yaani tunauza kwa sababu ileile inayofanya bei iwe mbaya.

Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Basi si uweke laki yote kwa hisa kama unaamini hivyo?"

Hapo ndipo nilikwama. Mpaka saa sita na nusu. Nilifungua upande wa broka, nikaandika hisa 7,200, nikaangalia ile namba, nikafuta. Nikaandika tena. Niliamini nilichosema, lakini laki hiyo ilikuwa na kazi, karo ya kaka yake Neema, na deni la dola bilioni 2 la serikali lilikuwa linaiva Juni na hakuna aliyejua kama tutalipa bila kuumia. Ile 5,000 ya mwezi ikizama naumia, laki ikizama mtoto anarudishwa nyumbani.

Nikaingia DhowCSD, ule mtandao wa Benki Kuu wa kununulia bondi, nikaweka 100,000, bila kutaja riba yangu, nikubali wastani watakaotoa. Hisa sikuuza hata moja. Na mwisho wa mwezi 5,000 ikaenda kwa broka kama kawaida.

Mnada ukatoka 18.46. Yaani 9,230 kila Februari na kila Agosti, nayo imelipa karo kweli, sijawahi kukopa tangu hapo. Serikali ilikuwa imepata njia ya kulipa lile deni, shilingi ikarudi mpaka 130 hivi kabla ya mwezi wa nne, haraka kuliko nilivyowahi kuona, riba zikaanza kushuka baadaye, na hisa zikapanda taratibu, na kufika mwisho wa Agosti 2025 zilikuwa zinacheza karibu na 28. Zile 7,200 nilizoandika na kufuta zingekuwa zimefika 200,000. Nimeipiga hiyo hesabu mara nyingi, hata leo nikisubiri mchele uive.

Baba Neema anasema nilifanya sawa. Mimi kuna siku nakubali na kuna siku naona niliona mlango uko wazi, nikaueleza vizuri kwa mtu mwingine, halafu sikupita. Neema ameniuliza tena leo asubuhi. Nimemtolea lile daftari, nikamwambia asome huo ukurasa wenye mstari chini ya 61,700, kisha aje tuongee.